Simu Iliyorudi Dukani

Maandishi haya utayakuta karibu kila duka la Kariakoo, ama chini ya risiti ama ukutani juu ya kaunta: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mimi ninauza simu Mtaa wa Aggrey na ukutani kwangu hayapo. Nimeyakataa kwa sababu hayamzuii yule ninayemhofia. Mteja aliyedhamiria kunirudishia simu aliyoichezea haogopi karatasi, atakuja na kelele zake mpaka watu wajae mlangoni. Anayeyaogopa ni mteja mwaminifu, anayejiuliza itakuwaje simu ikimzimikia nyumbani, kisha anavuka barabara kwenda duka la pili. Na simu ikiwa mbovu kweli, mteja ana haki zake chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, na anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani. Karatasi yangu ya ukutani haitaniokoa huko.

Kwa hiyo napokea simu zinazorudi. Lakini nazipokea kwa utaratibu, na sehemu kubwa ya utaratibu huo hufanyika siku ya kuuza, wakati mteja ana furaha na hela bado iko mezani. Muuzaji anayeanza kufikiria marejesho siku simu inaporudi hana cha kulinganisha nacho. Ana neno lake dhidi ya neno la mteja, basi.

Siku ya kuuza nafungua boksi mbele ya mnunuzi. Nawasha simu, nabonyeza *#06#, zinatokea tarakimu 15 za IMEI. Simu ya laini mbili huwa na namba mbili. Tunazilinganisha na stika ya boksi, naziandika kwenye risiti, na mteja mwenyewe anatuma IMEI kwenda 15090, huduma ya TCRA, ili ajibiwe simu yake ni ya aina gani. Hatua hiyo Watanzania wengi wanaijua tangu simu feki zilipozimwa mwezi Juni 2016. Wengi wetu sokoni huishia hapo, na hapo ndipo tunapoacha mlango wazi. IMEI imehifadhiwa kwenye bodi ya simu. Mtu akibadilisha kioo, betri au kamera, IMEI inabaki ile ile. Kwa hiyo namba zikilingana siku ya kurudi, umejua tu kwamba bodi ni yako. Vingine vyote hujavijua.

Ndiyo maana baada ya IMEI narekodi video fupi kwa simu ya duka, isiyozidi dakika mbili. Naonyesha IMEI kwenye skrini, kisha nazungusha simu pande zote nne ili fremu na mgongo vionekane. Naingiza kidole cha mnunuzi kwenye usajili wa alama, nachomeka chaji, nafungua kamera ya mbele na ya nyuma, na napiga simu moja kusikiliza spika na maiki. Mwisho nafungua picha nyeusi tupu na kufunika simu kwa kitambaa ili kamera ione kioo gizani. Faida ya picha hiyo nyeusi nitaieleza punde. Video inahifadhiwa kwa jina la IMEI, na nakala namtumia mteja WhatsApp hapo hapo. Kumtumia ni muhimu kama kurekodi kwenyewe, kwa sababu siku ya ubishi hatasema nimetengeneza ushahidi nyuma ya mgongo wake.

Ukaguzi wa pamoja una uzito wa kisheria pia. Mnunuzi aliyekagua bidhaa kabla ya kununua hawezi kudai baadaye kasoro ambayo ukaguzi ule ungemwonyesha. Mkwaruzo wa kona ya simu iliyotumika, ukiuonyesha na ukaandikwa, umekwisha.

Simu inaporudi, jambo la kwanza ni kutoishika. Namkaribisha mteja kiti na kumwomba aeleze tatizo, naliandika kwa maneno yake mwenyewe: lilianza lini, alikuwa anafanya nini, kuna fundi aliyeigusa? Swali la fundi naliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, katikati ya mengine. Mtu akishajibu na jibu likaandikwa, maelezo hayabadiliki kila tunapogundua kitu kipya.

Halafu naiangalia ikiwa bado imezimwa. Napitisha kucha kwenye mshono wa mgongo na fremu. Simu isiyofunguliwa mshono wake ni sawa pande zote, lakini iliyofunguliwa kwa joto na kibanio mara nyingi ina sehemu moja ambapo kucha inanasa, au kamstari ka gundi kalikokauka karibu na spika ya sikioni. Natoa trei ya laini na kumulika ndani kwa tochi. Simu nyingi, iPhone zikiwamo, zina kistika kidogo cheupe humo ndani ambacho hugeuka chekundu kikiguswa na maji. Wateja wetu huniambia ni unyevu wa Dar, ni jasho la mfukoni. Nawaeleza kwa upole kwamba kistika kile kimetengenezwa kivumilie unyevu wa kawaida wa hewa, na rangi hubadilika maji yanapokigusa. Kikiwa chekundu naonyesha, napiga picha, na mazungumzo yanahama kutoka kurudishiwa hela kwenda kwenye matengenezo.

Kuna tukio moja ninalopenda kuwasimulia vijana wanaoanza biashara hii, kwa sababu lina karibu kila kitu ndani yake. Niliuza Samsung Galaxy A35 kwa shilingi 780,000. Mnunuzi alikuwa mama mmoja wa makamo aliyemnunulia mwanawe, na kijana alikuwepo wakati wa kurekodi. Siku ya nne mama akarudi peke yake, amekasirika.

"Baba, mmeniuzia simu mbovu. Mtoto anasema kidole hakisomi tangu siku ya kwanza."

"Pole mama, karibu ukae. Tuiangalie pamoja."

IMEI zililingana na boksi na risiti. Kistika cha maji kilikuwa cheupe. Nikajaribu kusajili kidole upya, simu ikakataa kabisa, wala haikuonyesha mwanga ule wa kijani unaojitokeza chini ya kidole. Hapo nikashuku kioo. A35 inasoma alama ya kidole kupitia kwenye kioo chenyewe: kioo kinamulika kidole, na kihisi kilicho chini yake kinaona mwanga unaorudi. Kazi hiyo inahitaji kioo cha AMOLED, ambacho kila nukta yake inajiwakia yenyewe na mwanga unaweza kupenya. Vioo vya bei rahisi vinavyouzwa kwa mafundi mara nyingi ni vya LCD, na nyuma yake kuna taa moja inayomulika kioo kizima. Kihisi kinazibwa. Simu itapiga, itaingia mtandaoni, picha zitaonekana, ila kidole hakitasoma tena.

Nikafungua picha nyeusi, nikafunika simu kwa kitambaa, nikamwomba mama achungulie. Kioo cha AMOLED kwenye weusi mtupu kinazima kabisa, huoni kitu. Hiki kilikuwa kinang'aa kijivu hafifu mpaka pembezoni, na ukingo mweusi kuzunguka kioo ulikuwa mnene kuliko ule wa simu mpya iliyokuwa kwenye shelfu. Kisha nikamfungulia ile video kwenye WhatsApp yake mwenyewe: kidole cha mwanawe kinasajiliwa, kinafungua simu, halafu weusi kamili chini ya kitambaa.

Sikumwambia kwamba amenidanganya, na hakuwa amenidanganya. Alimpigia kijana, akaongea naye kwa muda, akakata akiwa ameshusha pumzi. Simu ilianguka siku ya pili, kioo kikapasuka, kijana akaogopa kumwambia mama yake na akampelekea fundi wa barabarani aliyembadilishia haraka. Kijana hakujua kwamba amewekewa LCD. Mama hakujua chochote. Muuzaji anayepaza sauti ya "mwizi" mapema angekuwa amemtukana mtu asiye na kosa, mbele ya wateja. Nilimwelekeza kwenye kituo cha huduma cha mtengenezaji kwa kioo halisi, kwa gharama yake, na nikamweleza pia kwamba simu ikishafunguliwa na fundi, ule uwezo wake wa kuzuia maji wa IP67 usiutegemee tena. Aliondoka bila hela yangu na bila ugomvi.

Samsung nyingi zina menyu ya majaribio ukibonyeza *#0*#, inayokupa rangi nyekundu, kijani na buluu za kioo kizima, jaribio la mguso, spika na vihisi. Kwenye iPhone za kuanzia toleo la 12, zikiwa na iOS 15.2 au zaidi, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo ya simu, utaonyeshwa kama kuna kioo, betri au kamera iliyobadilishwa. Lakini nimeona ni afadhali kumwonyesha mteja kitu anachokiona kwa macho yake kuliko maandishi ya Kiingereza kwenye skrini. Weusi chini ya kitambaa hauhitaji mtafsiri.

Marejesho mengi, hata hivyo, hayana udanganyifu wala ubovu. Malalamiko ninayoyapokea kuliko yote ni kwamba betri inaisha haraka na simu inapata moto. Simu mpya kwenye siku zake za mwanzo inafanya kazi nyingi kimyakimya: inapakua masasisho, inarudisha picha na meseji za WhatsApp kutoka kwenye hifadhi, inapanga mafaili. Lazima ile chaji. Nafungua sehemu ya matumizi ya betri na kuonyesha ni programu gani inayokula. Kisha najaza chaji mpaka 100, nawasha video kwa saa nzima mwanga ukiwa katikati, na kuiweka sambamba na simu nyingine ya aina hiyo hiyo. Zikishuka kwa kiwango kinachokaribiana, betri ni nzima, na mara nyingi mteja anaondoka nayo. Ikishuka kwa kiasi kikubwa kuliko mwenzake, ina ubovu, na sibishani. Nabadilisha siku hiyo hiyo.

Kabla shilingi yoyote haijatoka, kuna hatua ambayo haina msamaha: mteja aondoe akaunti yake. Tangu Android 5.1, simu iliyofutwa kwa nguvu bila kuondoa akaunti ya Google inadai akaunti ile ile ya mwanzo inapowashwa, na iPhone ina kufuli la aina hiyo. Ukimrudishia mtu hela akaondoka, umebaki na tofali zuri lenye boksi. Kwa hiyo anatoka kwenye akaunti yeye mwenyewe, tunafuta kila kitu mbele yake, simu inawaka upya, naipeleka mpaka kwenye skrini ya mwanzo bila kuulizwa nywila. Faida ya pili ni kwamba picha na meseji zake zimeondoka naye. Kuna duka lililowahi kuuza simu ikiwa bado na picha za familia ya mtu. Jambo la namna hiyo haliombewi radhi likaisha.

Sasa simu iko mikononi mwako, nzima, imefunguliwa, imetumika siku chache. Inarudi wapi? Sokoni kwetu wapo wanaoifuta, wanaivisha nailoni upya kwa hewa ya moto na kuiweka shelfu pamoja na mpya. Nawasihi wasifanye hivyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa, na kuuza kilichotumika kwa jina la kipya ni udanganyifu huo hasa. Halafu ujanja wenyewe hauna maisha: kwa simu nyingi, waranti ya mtengenezaji inahesabiwa tangu simu ilipowashwa na kuingia mtandaoni mara ya kwanza. Mnunuzi wa pili akienda kituo cha huduma na IMEI yake ataambiwa waranti ilianza kabla hajanunua. Atarudi kwako, na safari hii atakuwa na haki yote upande wake.

Mimi iliyofunguliwa naiweka kabati la pembeni na kuiita iliyofunguliwa boksi. Kwenye karatasi yake ninaandika tarehe iliyowashwa na sababu ya kurudi. Hesabu yake ni hii. A35 ile ile niseme nilinunua kwa 720,000 na kuuza 780,000, faida 60,000 kabla ya kodi ya fremu na mshahara wa kijana wa duka. Ikirudi kwa sababu mteja amebadili nia, naiuza upya kwa 710,000. Nimepoteza 10,000 ya mtaji pamoja na ile faida ya 60,000, jumla 70,000. Kwa hiyo anayerudisha simu nzima kwa kubadili nia nampa 710,000, na makato hayo ya 70,000 yameandikwa kwenye karatasi aliyosaini siku ya kununua. Akichukua simu nyingine dukani mwangu, nakata 35,000 tu kwa sababu faida ya simu ya pili inanibebea nusu. Simu yenye ubovu wa kiwandani haina makato hata senti. Kuwakata wote kwa pamoja ni kumtoza mtu kwa kosa la bidhaa yako.

Makato haya yanazuia pia ile tabia ya kuazima simu kwa mtindo wa kununua: mtu anachukua yenye kamera kali Ijumaa, anapiga picha za harusi, Jumatatu amebadili nia. Tangu karatasi ianze kutaja kiasi kamili badala ya maneno "makato yatahusika", wa aina hiyo wanasoma na kwenda zao. Kabati la pembeni nalo lisijae. Bei ya simu inashuka kila toleo jipya linapoingia, na iliyofunguliwa inashuka haraka zaidi. Ikipita wiki mbili haijatoka napunguza bei, nirudishe hela kwenye mzunguko.

Sehemu nyingine yenye mitego ni hela yenyewe. Kariakoo kuna mawinga, na wengi wao ni vijana wachapakazi wanaotuletea wateja. Shida inakuja winga anapochukua hela ya mteja, akaongeza cha juu chake, akanikabidhi bei yangu. Mteja akirudisha anadai 830,000 na mimi nilipokea 780,000. Wote wawili tunasema kweli, na winga haonekani. Kwa hiyo dukani kwangu mnunuzi analipa mwenyewe kwenye lipa namba ya duka, risiti ya EFD inatoka kwa kiasi hicho hicho, na winga analipwa kamisheni yake na mimi. Aliyekataa utaratibu huo tumeagana kwa amani.

Marejesho yanakwenda kwenye namba ile ile iliyolipa. Mtu akisema laini imepotea, tuma kwa namba ya shemeji, nasubiri arudishe laini yake. Nimeshuhudia jirani akituma kwa namba nyingine, kisha mwenye namba ya mwanzo akaomba muamala wake urudishwe kwa madai kwamba alikosea kutuma. Risiti ya EFD nayo airudishe halisi. Mauzo yaliyokwisha kuingia kwenye mashine hayafutiki kwa maneno, kwa hiyo naibana pamoja na karatasi ya marejesho na kumpa mhasibu ayarekebishe kwenye hesabu za mwezi.

Kumbukumbu ya wanaorudisha ninayo, kwa namba ya simu na IMEI, na haitoki dukani. Anayerudisha mara kwa mara bila ubovu, mara nyingine namuuzia kwa masharti ya kutobadilishiwa isipokuwa kwa kasoro, namwambia wazi kabla hajalipa. Kubandika sura za wateja Instagram na neno "tapeli" sikubaliani nako hata kidogo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na yule mama wa A35 angeweza kuwa mmoja wa waliobandikwa.

Kinachobaki ni simu mbovu kweli, na hapo tarehe ndiyo kila kitu. Msambazaji wangu wa jumla anapokea simu yenye ubovu wa kiwandani ndani ya siku 14 tangu aniuzie yeye, hajali mimi nimeiuza lini. Simu ikikaa shelfu siku tisa, kisha nikamwahidi mteja siku saba za kubadilishiwa, siku mbili za mwisho zimebaki juu ya mtaji wangu. Kwa hiyo kila boksi linapoingia dukani naliandikia kwa kalamu, chini yake, tarehe ya ankara ya jumla. Lililotangulia kuingia ndilo linalotangulia kuuzwa, na kijana wa dukani halazimiki kukumbuka, anageuza boksi na kusoma. Siku za msambazaji zikibaki chache, natoa kwanza boksi lililo karibu zaidi na mwisho wake. Na siku zote 14 zikiwa zimepita, mteja bado anapata siku saba zake, ila nalijua deni hilo mapema na nimeshaliweka kwenye bei.